Ghala la Dawa Kando ya Tana

Jioni ya leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu za Garissa, Wajir na Mandera husemwa kwa sauti ya chini, na aghalabu halisemwi kabisa, nalo ni la mtu aliyezidiwa na dhiki kuichukua dawa ya shambani, au dawa ya kupe, na kuielekeza kwenye nafsi yake mwenyewe. Sikuja kuhukumu, wala kuwatia haya waliofikwa, kwa kuwa hukumu ya nafsi iko kwa Muumba wake. Nimekuja kusema juu ya chupa: ni chupa gani serikali imeiruhusu iuzwe, nani anaiuza, inalala wapi usiku, na ufunguo wake uko mfukoni mwa nani. Huzuni iliyomo kifuani mwa mtu mara nyingi hatuioni mpaka imekwisha kumwelemea, lakini chupa twaiona kila siku. Na kama wewe unayenisikiliza ndiwe mwenye mzigo huo usiku huu, usingoje niyamalize maneno haya. Mwite mtu mmoja unayemwamini aje akae nawe, au piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo.

Mimi nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, na mashamba ya ukingo wa Tana nayajua kwa miguu. Wasafiri wanaopita daraja la Garissa kwa basi hudhani kwamba nchi hii yote ni mchanga na ngamia, ilhali chini ya barabara, pale mto unapojipinda, pana migomba, maembe, vitunguu, nyanya na matikiti, mashine za kuvuta maji zikinguruma toka alfajiri, na vikundi vya wakulima vilivyoungana kununua mashine moja kwa kuwa mtu peke yake haimudu. Wamo Wasomali walioacha ufugaji baada ya ukame kuwamalizia mifugo, wamo Wamunyoyaya ambao mto huu ni wao tangu jadi, na wamo vibarua waliotoka mbali. Nyanya na tikiti ni mimea yenye maadui wengi, na kwa hiyo hakuna shamba lisilokuwa na pampu ya kunyunyizia na dawa yake.

Sasa dawa hiyo huwekwa wapi? Ni ghali, na shamba liko wazi, kwa hiyo mkulima akiiacha shambani itaibiwa. Basi jioni huibeba nyumbani. Chupa kubwa ya dukani haimfai mwenye robo eka, kwa hiyo mara nyingi hununua kidogo alichopimiwa, nacho hutiwa katika chupa ya soda au ya maji, isiyo na jina wala maandishi. Huko nyumbani huwekwa chini ya kitanda, au huchomekwa darini, na kila aliye nyumbani anajua ilipo. Niliwahi kumuuliza mkulima mmoja mwerevu kwa nini anaiweka mahali ambapo watoto wake wanalala, akanijibu bila kusita kwamba ndipo mahali pekee ambapo mwizi hafiki. Jibu hilo lilinifunga mdomo, maana lilikuwa na akili zake. Hakuna aliyekwisha mwambia kwamba mwizi si hatari pekee.

Tuje kwenye lile linalotushinda kuliamini. Tumezoea kudhani kwamba mtu anayefikia hatua hiyo amekata shauri siku nyingi, amelilaza na kuliamsha, na kwamba ukimzuia kwa mlango huu atapita kwa mlango ule. Waganga waliokaa na wagonjwa wa namna hii, hasa Dakta Michael Eddleston na wenzake walioyachunguza mambo haya kwa miaka mingi katika mahospitali ya mashambani ya Sri Lanka, waliwauliza walionusurika, na zaidi ya nusu walisema kwamba baina ya wazo na tendo haukupita hata muda wa nusu saa. Ni ugomvi wa mume na mke, ni deni lililofichuliwa mbele ya watu, ni kijana aliyekemewa na baba yake kadamnasi, ghadhabu na fedheha zikapanda pamoja. Na wengi wa wanaonusurika hawarudii tena. Nilimjua kijana mmoja wa shamba aliyefikishwa hospitalini kwa pikipiki akapona. Leo ana watoto wanne na analima vitunguu, na mwenyewe huniambia kwamba hakumbuki vizuri ni neno gani lililomkasirisha siku ile.

Ikiwa hali ni hiyo, basi swali zito ni hili: katika nusu saa hiyo, mkono wa mtu unafikia nini? Penye kitu kisichoua upesi, au kisichoua kabisa, nusu saa hupita, jirani huja, mama huamka, gari hupatikana, na mtu huishi. Penye sumu isiyokuwa na dawa ya kuirudisha, nusu saa ileile huwa ndiyo ya mwisho. Tofauti baina ya watu hawa wawili haimo katika ukubwa wa huzuni zao. Imo katika kilichokuwa kimehifadhiwa chini ya kitanda.

Ushahidi mkubwa wa maneno haya unatoka katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikijua kwa jina la Serendibu. Kilikuwa kisiwa cha wakulima wa mpunga na mboga, chenye dawa kali katika kila nyumba, na ilipofika mwaka wa 1995 idadi ya watu waliojiua ilikuwa takriban 47 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, mojawapo ya idadi za juu kabisa duniani. Mwaka huohuo mamlaka ya kule ilimaliza kuziondoa sokoni dawa za daraja la kwanza la sumu kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka wa 1998 ikaiondoa na endosalfani, ambayo wakulima walikuwa wameihamia badala ya zile za kwanza. Kuanzia mwaka wa 2008 ikaendelea na nyingine tatu, kwa hatua, si kwa mkupuo. Kufika mwaka wa 2005 idadi ile ilikuwa imeshuka hata kufikia kama nusu, na kufika mwaka wa 2015 ilikuwa imepungua kwa asilimia 70 hivi. Wataalamu wamekadiria kwamba watu 93,000 walibaki hai katika miaka hiyo 20 ambao wangekuwa makaburini.

Tazameni vizuri kilichotokea, kwa kuwa ndani yake mna siri ya jambo zima. Idadi ya watu waliofikishwa mahospitalini kwa kunywa dawa haikushuka kama ilivyoshuka idadi ya vifo. Watu waliendelea kugombana, kukopa na kufedheheka kama wanavyofanya watu wa kila nchi. Lakini walipoifikia chupa, chupa ilikuwa na kitu kingine. Wala mavuno ya mpunga hayakuonyesha kupungua kwa sababu ya marufuku. Na wale waliosema kwamba watu watahamia njia nyingine, walikosea, maana jumla ya vifo vya kujiua kwa njia zote ndiyo iliyoshuka.

Hapa naomba subira yenu, kwa sababu nataka kuwaeleza jaribio lililoshindwa, nalo lina faida kwetu kuliko mengi yaliyofaulu. Watu wengi wakisikia habari hizi, fikira yao ya kwanza ni sanduku: mpe kila mkulima sanduku lenye kufuli, aweke dawa ndani, afunge, na mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo, na niliwahi hata kuandika barua ya kuomba masanduku. Lakini huko Sri Lanka walijaribu kwa uangalifu mkubwa, katika vijiji 180 vya mashambani, vingine vikipewa masanduku na vingine visipewe, jumla ya nyumba zaidi ya 50,000, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Masanduku hayakupunguza kitu. Idadi ya walionywa dawa katika vijiji vyenye masanduku na vile visivyo nayo ilikuwa karibu sawa.

Kwa nini? Uchunguzi mwingine uliofanywa kabla ya hapo ulikuwa umekwisha gusa sababu moja, ambayo ningetamani kila afisa wa kaunti aijue kabla hajatia sahihi hati ya kununua makufuli. Kabla ya masanduku, wakulima wengi walikuwa wakiificha dawa shambani. Walipopewa sanduku zuri, wakalileta nyumbani, na sumu iliyokuwa mbali ikawa karibu. Ongeza juu ya hayo kwamba ufunguo wa nyumbani hauna siri, kwa kuwa mke anajua ulipo, na kijana anajua, na mwenye sanduku mwenyewe, ambaye huenda ndiye mwenye dhiki, anautembeza kiunoni. Kufuli huzuia mkono wa mtoto mdogo, na hilo si haba. Lakini halimzuii mwenye nyumba.

Kwa hiyo rai yangu kwa Garissa imesimama juu ya mafunzo hayo mawili, la kufaulu na la kushindwa. Linalookoa watu wengi kabisa ni kuziondoa sokoni zile dawa ambazo mganga hana la kufanya mbele yake, nalo haliko mikononi mwa kaunti. Usajili wa dawa hizi uko Nairobi, kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, ile inayojulikana kwa herufi zake PCPB, iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 1982. Mwaka wa 2019 Mheshimiwa Gladys Shollei, akiwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka Bungeni ombi la kutaka dawa zenye madhara ziondolewe, na mwaka wa 2025 Wizara ya Kilimo ikatangaza kuziondoa kadhaa na kuzibana nyingine. Lakini hoja zilizosemwa zaidi zilikuwa za saratani, za nyuki na za masoko ya Ulaya. Hoja ya mtu aliye katika nusu saa yake ya hatari haikusikika sana. Wabunge na maseneta wa kaunti zetu tatu wanaweza kuipeleka, na waambatanishe taarifa za mahospitali yetu, ambazo nitazirudia punde. Wala marufuku si mwisho wa kazi, maana mpaka wetu na Somalia na Ethiopia ni mrefu, na kitu kilichokatazwa Nairobi kinaweza kuingia Mandera juu ya lori la mchele. Kadhalika dawa kuukuu zilizokwisha kupigwa marufuku bado zimo katika mabanda ya watu, na pasipo mpango wa kuzikusanya na kuziharibu kwa usalama, marufuku hubaki karatasini.

Kilicho mikononi mwetu wenyewe ni mahali pa kulala chupa. Huko Tamil Nadu, kusini ya Bara Hindi, jumuiya ya SNEHA pamoja na Dakta Lakshmi Vijayakumar walijenga maghala ya pamoja katika vijiji viwili, kila mkulima akiwa na kisanduku chake ndani ya ghala, na ghala likiwa na mlinzi wake. Lilikuwa jaribio dogo, na sitaki lichukuliwe kuwa hoja ya kukata, lakini watu waliyakubali maghala yale na dalili zake zilikuwa njema. Kwetu sisi wazo hili lina msingi wake tayari, yaani vile vikundi vyenye mashine moja ya maji. Watu waliokwisha aminiana kwa mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi, na wenye daftari la nani amevuta maji saa ngapi, hawahitaji kufundishwa kuaminiana kwa ghala.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima 30, ambacho sikitaji jina kwa kuwa ni cha kubuni, na tukifuate kwa msimu mmoja wa nyanya. Wanajenga chumba kimoja cha matofali karibu na mashine, chenye tundu za hewa juu na chini, mlango wa chuma, na sakafu ya saruji yenye kizingiti ili kitakachomwagika kisitoke nje. Mlango una makufuli mawili, na funguo zake ziko kwa watu wawili wa nyumba mbalimbali, mmoja wao awe mwanamke; hakuna hata mmoja wao awezaye kuingia peke yake. Hilo ndilo jambo ambalo sanduku la nyumbani halikuwa nalo, kwamba hata mwenye ufunguo hawezi kuifikia chupa katika nusu saa yake bila kumwona mwenzake uso kwa uso. Mkulima anayetaka kunyunyizia hufika alfajiri, kabla jua halijawa kali, anatiliwa kiasi cha siku hiyo, nacho huchanganywa na maji ndani ya pampu palepale mbele ya wenye funguo. Kinachotoka ghalani ni pampu iliyojaa, si chupa. Jioni pampu inarudi ikiwa imesuuzwa, na katika daftari kunaandikwa jina, dawa, kiasi na saa. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, maji yake yakamiminwa katika pampu, na chupa yenyewe hutobolewa ili isiwahi kutiwa maziwa ya ngamia.

Mambo yatakayoharibika nayajua kabla hayajatokea. Mmoja wa wenye funguo atakwenda Nairobi kumzika shemeji yake, na kwa kuhurumia nyanya za watu atamwachia mwenzake ufunguo wake. Ndiyo maana pawe na mtu wa tatu aliyeteuliwa tangu mwanzo. Mkulima ambaye shamba lake liko mbali na ghala ataona uvivu na ataanza kubakiza kidogo nyumbani. Dalili ya kwanza itaonekana katika daftari: ikiwa shamba lina viwavi na jina la mwenye shamba halijaandikwa kwa wiki mbili, basi dawa anayo mahali pengine. Hapo asipelekwe kwa chifu. Mwenzake wa jirani ndiye amwendee, aulize ghala limemshinda wapi, na kama jibu ni umbali, kikundi kifikirie ghala la pili.

Nisilisahau duka. Katika uchunguzi wa Sri Lanka, takriban mmoja katika kila watu watano walionywa dawa alikuwa ameinunua dukani muda mfupi kabla, na wauzaji wa kule walifundishwa kutambua dalili mbili zilizoonekana mara nyingi: mnunuzi si mkulima, au amelewa. Katika mji wetu pombe si jambo la hadharani, lakini dalili ile ya kwanza inatufaa sana. Mwenye duka la agroveti anawajua wateja wake. Akijiwa na mtu asiyemjua, asiyeweza kusema analima nini wala amepatwa na mdudu gani, anayetaka dawa kwa haraka na asiyejali bei, basi amwambie dawa imekwisha, amkaribishe kiti na chai, amuulize habari za nyumbani, na amwite ndugu yake. Niliwahi kuona duka moja ambapo dawa zilipangwa juu ya kaunta baina ya biskuti na betri, na mvulana wa miaka kama 12 ndiye aliyekuwa akipima. Kaunti ndiyo inayotoa leseni ya biashara kila mwaka, na bodi ndiyo inayotoa idhini ya jengo, kwa hiyo pakiwa na nia, masharti matatu yanatosha: dawa nyuma ya kaunta chini ya kufuli, asiuze mtoto, na kusiwe na kupima katika chupa za soda. Kama wakulima wadogo wanahitaji kiasi kidogo, kikundi kinunue chupa moja nzima na kuigawa ghalani.

Yote haya ni ya watu wa mto, na wafugaji wataniuliza, je, sisi? Aqali haina mlango wa kufuli, na leo iko hapa, kesho imepakiwa juu ya ngamia. Ghala halimfai mhamaji hata kidogo. Lakini dawa ya kupe si kitu anachokihitaji kila siku. Ikiwa idara ya mifugo itaweka siku za kuogesha wanyama penye kisima, penye lambo na penye soko la mifugo, dawa ikaja na afisa na ikaondoka na afisa, basi hapatakuwa na sababu ya chupa kusafiri na familia. Majosho ya zamani yalifanya kazi hiyo, ingawa hayakujengwa kwa muradi huu. Ugumu wake ni fedha na mafuta ya gari, na ukame unapowatawanya watu mbali na njia, siku ya kuogesha hupita bila mnyama hata mmoja. Kwa hiyo naliweka kama jambo la pili, lijaribiwe kwanza katika visima vichache vyenye watu wa kudumu.

Sasa namna ya kuingia kwa watu, maana hapo ndipo mipango mingi mizuri hufia. Usiitishe baraza ukasimama mbele ya watu 200 ukitaja kujiua. Wazee wataondoka, na aliye na msiba wa siri atadhani anasemwa yeye. Anza na wazee wachache katika kivuli chao, uanze na watoto, kwa kuwa kila kijiji kina mtoto aliyekunywa kutoka chupa ya soda akidhani ni soda, na habari hiyo haina aibu. Ndani ya mazungumzo hayo, mzee mmoja mwenyewe ataligeuza jambo na kusema, na wakubwa je? Hapo mlango umefunguka kutoka ndani. Kisha wanawake peke yao, na mhudumu wa afya ya jamii ambaye ni mwanamke, kwa sababu wao ndio wajuao chupa iko wapi na ndoa ipi imeingia moto. Wahudumu hawa, waliopewa kila mmoja kama nyumba 100 za kuzitembelea, waongezewe swali moja katika ziara zao: katika nyumba hii dawa za shamba na za mifugo zinalala wapi?

Maimamu wana sehemu yao, na ni sehemu nyeti. Uharamu wa tendo hili hakuna asiyeujua, na uharamu huo umewazuia wengi. Lakini ukisemwa kwa ukali peke yake, huwafanya jamaa kumficha mgonjwa badala ya kumkimbiza hospitali. Ningewaomba mashehe wetu waseme pamoja nao mambo mawili mengine: kwamba kumhifadhi mtu na madhara ni amana ya jirani, na kwamba aliyenusurika apokewe kwa rehema. Serikali nayo ilikuwa na ukali wake. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, tulichorithi kwa Waingereza, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa, na watu walikuwa wakidanganya mlangoni mwa hospitali kwa kuogopa askari. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Machifu waitangaze habari hiyo kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kwa sababu hofu huishi kuliko sheria iliyoizaa.

Na hospitali yenyewe? Mgonjwa wa Balambala au Fafi hafiki Garissa mjini kwa dakika kumi. Ni lazima zahanati za njiani ziwe na atropini ya kutosha na mtu ajuaye kuitumia, na gari la wagonjwa liwe na mafuta. Nyumbani, msimtapishe mtu, wala msimnyweshe maziwa au mafuta. Mvueni nguo zilizolowa dawa, mlazeni kwa ubavu, na mmkimbize hospitali, na chupa au karatasi yake mwende nayo, ili mganga ajue anapambana na nini. Hospitali nayo iandike katika daftari lake mambo manne kwa kila mgonjwa wa namna hii: dawa ilikuwa gani, ilipatikana nyumbani au dukani, mgonjwa ametoka kijiji gani, na amepona au la. Jina halihitajiki. Hizo ndizo taarifa nilizosema wabunge waende nazo Nairobi, na ndizo zitakazotuambia baada ya miaka miwili kama maghala yanafaa. Lakini tuwe waangalifu wa kuzisoma: ikiwa wagonjwa wanaofika wataongezeka mwaka wa kwanza, huenda ni kwa sababu hofu ya askari imepungua. Cha kutazama ni wangapi wanakufa, na chupa ilitoka wapi.

Limebaki jambo moja, ambalo mkulima wa Madogo aliniuliza wiki iliyopita, na nalisema hapa kwa kuwa sikuwa na jibu tayari. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalipanda mpaka juu ya mashamba na kuingia majumbani, na mashine za maji zilivutwa kwa kamba usiku. Ghala lililojengwa karibu na mashine, alisema, litamwaga dawa ya watu 30 katika maji tunayoyanywa. Ana haki. Basi ghala lijengwe juu, upande wa barabara, penye alama ambayo maji ya 2024 hayakuifikia, hata kama mkulima atatembea robo saa zaidi na pampu mgongoni. Na wenye funguo wapewe, pamoja na funguo zao, orodha ya kilichomo na lori la kukihamisha siku ambayo tahadhari ya mafuriko itatolewa huko juu kwenye mabwawa.